Kiwavi Ndani ya Waridi

Nondo mwenyewe hana la kutisha. Ni mdogo, ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, huruka usiku na mchana hujibanza asionekane. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Huku anaishi kwenye michungwa, mipera, mikomamanga, pamba, mbarika na pilipili hoho, na mkulima anayemkuta shambani humhesabu pamoja na wadudu wengine wa msimu. Wataalamu humwita Thaumatotibia leucotreta. Kwetu ni kero tu. Ulaya ni kisumbufu cha karantini, na tangu 2019 yumo kwenye orodha ya visumbufu 20 vya kipaumbele vya Umoja wa Ulaya, yaani vile ambavyo kila nchi mwanachama inatakiwa iwe na mpango wa dharura wa kupambana navyo hata kama havijawahi kuonekana kwake. Kwa sababu ya nondo huyu, kuanzia tarehe 26 Aprili 2025 waridi la Kenya, kama waridi la nchi nyingine yoyote anakoishi, haliingii Ulaya kwa cheti cha kawaida na ukaguzi wa uwanja wa ndege peke yake. Lazima ithibitishwe jinsi lilivyolindwa tangu likiwa shambani.

Wengi wakisikia hivyo husema ni siasa ya biashara tu. Wakati mwingine kweli ni siasa. Lakini kuna hesabu nyuma yake, na anayetaka kuibishia siasa hiyo hana budi kuijua hesabu kwanza.

Tuanze na maana ya kisheria, maana ndiyo inayobeba mengine yote. Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea, uliofikiwa 1951 na kufanyiwa marekebisho makubwa 1997, hauhesabu kisumbufu kuwa cha karantini kwa sababu ya ukali wake. Unauliza mambo mawili. Je, kinaweza kuleta hasara ya kiuchumi katika eneo husika? Na je, katika eneo hilo hakipo, au kama kipo hakijaenea na serikali inakidhibiti rasmi? Kisipotimiza yote mawili, nchi haina haki ya kukizuia mpakani kama cha karantini. Ndiyo maana waridi lenye vidukari, ambao Ulaya wamejaa tele, linaweza kukataliwa na mnunuzi anayetaka ua safi, lakini afisa wa karantini hawezi kulichoma kwa hoja kwamba vidukari ni wageni.

Sharti hilo la pili sisi tumelionja kwa uchungu. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa katika pwani ya Kenya. Mwaka 2005 alielezwa na wanasayansi kama spishi mpya, na ilipofika 2015 wakakubaliana kwamba hakuwa mpya hata kidogo, bali ni yule yule nzi wa Asia aitwaye Bactrocera dorsalis. Wakati majina yakibishaniwa, nzi aliendelea kusambaa nchi hadi nchi. Kisumbufu kikishaenea nchini na hakuna udhibiti rasmi, nchi hiyo haiwezi tena kukiita cha karantini. Sasa inageuka kuwa nchi ambayo wengine wanajilinda nayo. Kenya ilisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya 2014 kwa sababu ya nzi huyo, na haikurudi sokoni hadi 2021. Nondo wetu anafuata njia hiyo hiyo kwa upande wa pili: huku ni mwenyeji, kule ni mgeni asiyekaribishwa.

Ili kuelewa hofu ya Ulaya, tumfuate mdudu huyu tangu yai. Jike hutaga yai moja moja, lenye ukubwa wa karibu milimita moja, karibu halina rangi, juu ya tunda au kwenye chipukizi la ua. Kiwavi akianguliwa hapotezi muda nje, anatoboa na kuzama ndani. Katika waridi dalili pekee huwa ni tundu dogo kwenye petali za nje na vinyesi vyake vilivyo kama unga wa kahawia, na dalili hizo huchelewa. Akiwa bado mdogo, ua linaonekana zima kabisa. Akikomaa anafikia karibu milimita 15, ana rangi ya waridi inayokaribia wekundu, kisha anashuka kwa uzi wake wa hariri hadi udongoni, anajifunga kifukoni na kutoka akiwa nondo. Kwenye joto, kizazi kizima huchukua kama mwezi mmoja. Kwenye baridi hukawia sana, lakini hana uwezo wa kulala usingizi wa msimu kama wadudu wengi wa Ulaya wanavyofanya wakati wa theluji. Jambo hili liwekwe akilini, maana litaamua mengi.

Sasa uchambuzi wa hatari. Viwango vya kimataifa vinavyouongoza, hasa Kiwango namba 2 na namba 11, vinaugawa katika hatua tatu. Kwanza unaanzishwa: kuna sababu gani ya kuchunguza, na ni kisumbufu kipi au njia ipi ya biashara inayochunguzwa. Pili inatathminiwa hatari yenyewe: kuingia, kustawi, kusambaa, na hasara. Tatu huchaguliwa hatua za kuidhibiti. Kwa nondo huyu sababu ya kuanzia haikuwa ya kufikirika. Mwaka 2009 alikutwa Uholanzi ndani ya kitalu nyumba cha pilipili, akaangamizwa, na 2013 Shirika la Ulinzi wa Mimea la Ulaya na Mediterania likakamilisha uchambuzi wake. Miaka kumi baadaye, 2023, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa tathmini nyingine iliyohusu maua ya waridi peke yake.

Kiini cha tathmini ya namna hii ni kuzidisha uwezekano mmoja kwa mwingine. Nitatumia tarakimu za kubuni ili mwendo wake uonekane. Tuseme yamesafirishwa mashina milioni 1 ya waridi, na katika kila mashina 1,000 moja lina yai au kiwavi. Hao ni viwavi 1,000. Tuseme mmoja kati ya kumi anavumilia baridi ya safari, ghala la mnada, duka, na chombo cha maua sebuleni, kisha anakomaa kuwa nondo. Wamebaki 100. Lakini maua mengi yanauzwa kaskazini, ambako nje kuna theluji na mdudu asiyejua kulala msimu wa baridi hana maisha. Tuseme shina moja tu kati ya 50 linafika mahali palipo na hali ya hewa inayomfaa. Wamebaki nondo wawili. Wawili hao wawe dume na jike, watoke wiki moja, wakutane katika mji mzima, kisha jike aone mti wa kutagia. Msomaji atacheka, na ana haki.

Kicheko kinaisha tukikumbuka kwamba biashara hii huhesabiwa kwa mabilioni ya mashina kwa mwaka. Zidisha mara elfu moja, nondo wawili wanakuwa 2,000. Hata hivyo hawatoki pamoja. Wametawanyika katika miezi kumi na miwili na miji mingi, kwa hiyo bado wengi watakufa wapweke. Hapo ndipo wachambuzi wanapotofautiana kwa dhati, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima moja kwa moja nondo waliotawanyika kiasi hicho hukutana mara ngapi. Uchambuzi mzuri hutambulika hapa. Hautoi jibu moja, hutoa masafa, kuanzia makadirio ya chini hadi ya juu, na unaonyesha ni kiungo kipi kinachoyapanua masafa hayo. Mwanafunzi wa sera anayesoma ripoti ya aina hii akaishia kwenye neno “hatari kubwa” au “hatari ndogo” hajasoma kitu. Aende kwenye ukurasa unaoeleza mashaka.

Kuna kiungo kimoja ambacho watu hukisahau, nacho ni takataka. Waridi likinyauka linakwenda wapi? Kiwavi aliye ndani ya ua lililochomwa au kuwekwa kwenye mfuko uliofungwa amekwisha. Aliye ndani ya ua lililotupwa kwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba, katika mji wa pwani wenye michungwa barabarani, amepata udongo, joto na chakula kwa mara moja. Ndiyo maana tathmini ya maua haiwezi kuishia mlangoni mwa duka. Inabidi iulize pia jinsi majiji yanavyozoa taka zake. Kwa maoni yangu hili ni eneo ambalo nchi zinazouza zimezungumza kidogo mno. Sheria za biashara zinamtaka mnunuzi asichague hatua inayoibana biashara kupita inavyohitajika, na kama sehemu ya hatari inapunguzwa kwa kusimamia taka za Ulaya, muuzaji ana haki ya kuuliza kwa nini mzigo wote uwe wa shamba la Naivasha.

Baada ya tathmini hufuata uchaguzi wa hatua. Kanuni ya Ulaya ya waridi, iliyotolewa 2024, inatoa milango kadhaa. Nchi inaweza kuthibitisha kwamba haina nondo huyu kabisa, au kwamba eneo fulani ndani yake halina. Kwa Kenya milango hiyo miwili imefungwa na maumbile. Inabaki kuthibitisha kwamba mahali pa uzalishaji penyewe hapana mdudu, au kutumia tiba baada ya mavuno, au ule utaratibu unaoitwa mfumo wa hatua zilizounganishwa. Njia iliyotumika lazima iandikwe kwenye cheti cha usafi wa mimea, katika sehemu ya tamko la ziada. Kenya, kupitia KEPHIS, mamlaka yake ya afya ya mimea, ilichagua mfumo wa hatua zilizounganishwa.

Mfumo huo, kwa mujibu wa Kiwango namba 14, unataka angalau hatua mbili zisizotegemeana, ili moja ikishindwa nyingine iwe bado imesimama. Shambani maana yake ni wavu kwenye matundu ya kitalu nyumba na mlango mara mbili ili nondo asiingie na mfanyakazi. Ni mitego yenye feromoni, na watu wanaozunguka kila mara wakikagua chipukizi. Ni kuondoa maua yaliyoanguka na mabaki ya upogoaji, maana huko ndiko kiwavi anakomalizia ukuaji. Kwenye banda la kufungashia kuna ukaguzi wa pili, na kila boksi lina namba inayorudisha hadi kwenye kitalu lilikotoka. Mwisho ndipo anakuja mkaguzi wa serikali.

Mtego huo wa feromoni unahitaji tahadhari. Unanasa madume tu, kwa sababu unanukia kama jike. Dume aliyenaswa huenda amevutwa kutoka kwenye mpera wa jirani, na mtego mtupu hauthibitishi kwamba hakuna jike aliyekwisha kupandwa ndani ya kitalu. Kwa hiyo anayesoma daftari la mitego asiitafsiri namba yake kama idadi ya maua yaliyoathirika. Aisome kama mwenendo: wiki gani namba imepanda, upande upi wa shamba, na je, ukaguzi wa chipukizi wa wiki zilizofuata ulionyesha nini. Wiki yenye madume wengi na ukaguzi usioonyesha hata kiwavi mmoja, tena na tena, ni dalili njema kwa wavu. Au ni dalili mbaya kwa wakaguzi.

Kwa nini isitoshe kukagua uwanja wa ndege? Jibu ni la hesabu tena, na safari hii tarakimu si za kubuni. Mkaguzi akichukua mashina 600 bila upendeleo kutoka kwenye shehena kubwa, na shina moja kati ya 200 lina kiwavi, uwezekano wa kukutana na angalau shina moja lenye kiwavi ni asilimia 95. Vizuri. Lakini mashamba mazuri hayana maambukizi makubwa hivyo. Ikiwa ni shina moja kati ya 1,000, mashina yale yale 600 yanampa asilimia 45 tu, chini ya kurusha sarafu. Na hapo tumedhani kwamba kila shina lenye kiwavi likishikwa mkononi kiwavi ataonekana. Kwa mdudu anayezama ndani ya petali, tuseme mkaguzi anamkosa nusu ya mara. Uwezekano unashuka hadi karibu asilimia 26. Shehena ya mashina 40,000 ingekuwa na viwavi 40, na mara tatu kati ya nne ingepita ikiwa na cheti safi.

Basi kadiri shamba linavyokuwa safi, ndivyo ukaguzi wa mwisho unavyopoteza uwezo wa kulitofautisha na shamba lililo safi kabisa. Mkaguzi si mzembe wala si mla rushwa. Sampuli yake ndiyo ndogo. Kuongeza mashina hadi elfu kadhaa kwa kila shehena kungechelewesha maua ambayo thamani yake hupungua kila saa. Ndiyo sababu uthibitisho ukarudishwa nyuma hadi shambani, mahali ambapo ukaguzi unarudiwa wiki baada ya wiki na makosa madogo yanajikusanya hadi yaonekane.

Shehena ikikutwa na kiwavi Ulaya, haijalishi ni mmoja. Inaharibiwa au inakataliwa, na nchi iliyouza inapelekewa taarifa rasmi. KEPHIS hufuata namba ya boksi hadi kwenye kitalu. Ikiwa kumbukumbu za shamba zimeandikwa ovyo, au zimejazwa zote siku moja kwa kalamu moja, hakuna cha kujitetea nacho. Na taarifa hizo haziathiri shamba moja tu. Zikiwa nyingi kutoka nchi moja, Ulaya huongeza kiwango cha shehena za nchi hiyo zinazofunguliwa na kukaguliwa, na kila mmoja anasubiri na kulipa kwa kosa la jirani.

Mabishano yako wapi basi? Mfano ulio wazi zaidi si wa waridi, ni wa chungwa, na mdudu ni yule yule. Afrika Kusini ilikuwa na mfumo wake wa hatua zilizounganishwa kwa michungwa. Juni 2022 Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni ya kutaka machungwa yapozwe hadi karibu na nyuzi sifuri kwa siku mfululizo, tiba inayoua kiwavi ndani ya tunda. Kanuni ilianza kutumika wiki chache baadaye, msimu ukiwa umekwisha kuanza, na kontena zilizokwisha kuondoka zikajikuta zimekwama bandarini Ulaya. Julai mwaka huo Afrika Kusini iliomba mashauriano chini ya Shirika la Biashara Duniani, na 2024 jopo likaundwa kusikiliza shauri hilo.

Mkataba wa Hatua za Afya ya Binadamu, Wanyama na Mimea, ulioanza kutumika 1995, ndiyo mzani wa kesi kama hii. Hauulizi kama Ulaya ina haki ya kujilinda. Haki hiyo ni yake, na hata kiwango cha ulinzi inachokitaka inakichagua yenyewe. Unauliza kama hatua imesimama juu ya tathmini ya hatari, kama inabana biashara kupita inavyohitajika kufikia kiwango hicho, na kama waliouza walipewa muda wa kutosha kujipanga. Ulaya inasema viwavi wanaendelea kukutwa kwenye shehena, kwa hiyo mfumo wa Afrika Kusini hautoshi. Afrika Kusini inajibu kwamba imeuza machungwa Ulaya miaka mingi na nondo hajastawi huko, kwa hiyo idadi ya viwavi wanaokutwa haithibitishi hatari inayodaiwa.

Hoja zote mbili zinarudi kwenye ule mnyororo wa kuzidisha. Ulaya inaangalia viungo vya mwanzo: wangapi wamefika. Afrika Kusini inaangalia cha mwisho: wangapi wamestawi. Binafsi naona hoja ya kutostawi ina nguvu, lakini ina tundu. Miaka mingi bila tukio haituambii kama uwezekano ni sifuri au ni mara moja katika miaka hamsini, na kwa nchi yenye mashamba makubwa ya machungwa tofauti hiyo ni kubwa. Wala hoja ya Ulaya haijakamilika, maana idadi ya waliokutwa hupanda pia pale ukaguzi unapoongezwa. Bila kuigawanya kwa idadi ya shehena zilizofunguliwa, haisemi lolote kuhusu hali ya mashamba.

Waridi linatofautiana na chungwa katika jambo moja linaloibana Kenya. Chungwa husafiri kwa meli wiki nzima na zaidi, kwa hiyo baridi inayoua inaweza kufanyiwa humo humo njiani. Waridi kwa sehemu kubwa linakwenda kwa ndege na kufika katika siku chache, muda usiotosha baridi kumuua kiwavi. Tiba ya mwishoni haipatikani kwa urahisi, na uzito wote unaangukia wavu, mtego, daftari na macho ya wanaokagua chipukizi. Shamba kubwa lina idara nzima ya kazi hiyo. Mzalishaji mdogo mwenye kitalu kimoja na mpera wa jirani mita ishirini kutoka ukutani atalipia wavu ule ule, mitego ile ile na ukaguzi ule ule kwa mashina machache zaidi, na hakuna kifungu cha kanuni kinachompa mamlaka juu ya mpera.